Kukata picha ya pasipoti ya 35 kwa 45: anza na kichwa, fremu itafuata

Swali ni lile lile kila wiki, kwa mdomo hata kwa meseji: "Picha yangu imekataliwa, wanasema kichwa kimezidi" au "mbona nimetokea mnene kwenye fomu?" Anayeuliza huwa na picha nzuri kabisa, imepigwa kwa simu, ukuta mweupe nyuma, uso unaonekana. Kilichoiharibu ni kukata. Aliichukua fremu ya vipimo vinavyotakiwa akajaribu kuingiza kichwa ndani yake. Kazi hii hufanywa kinyume cha hapo. Kichwa hupimwa kwanza, na ukubwa wa fremu hutokana na kipimo hicho.

Mwongozo huu unashika picha ya milimita 35 kwa 45, ile inayotakiwa kwenye viza za Schengen na nchi nyingine nyingi. Masharti yake yana sehemu mbili, na watu wengi hukumbuka ya kwanza tu. Kwanza, picha iwe na upana wa mm 35 na urefu wa mm 45. Pili, kutoka ncha ya kidevu hadi utosini kuwe na mm 32 hadi 36, yaani kama asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Picha inaweza kuwa 35 kwa 45 barabara na bado ikarudishwa kwa sababu kichwa ni kidogo au kikubwa mno.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Picha yenyewe, ile asili iliyotoka kwenye kamera. Iliyopitia WhatsApp kama picha ya kawaida imeshapunguzwa pikseli na kubanwa. Ukitaka kuituma kutoka simu hadi kompyuta ya saiba, itume kama faili kwa kuchagua `Document`, au tumia waya wa simu.

Picha iwe na nafasi. Aliyepigwa aonekane kutoka kifuani kwenda juu, na ukuta ubaki wazi juu ya kichwa na pande zote mbili. Apigwe na mtu mwingine kwa kamera ya nyuma, kutoka umbali wa mita moja na nusu hadi mbili. Picha ya kujipiga kwa mkono ulionyooshwa hukuza pua na kufinya masikio, na hakuna ukataji utakaorekebisha hilo.

Kompyuta yenye GIMP, programu ya bure. Saiba nyingi hawana, lakini huruhusu kuiweka ukiomba. Zana za kukata zilizo ndani ya simu huwa na uwiano wa mraba, 4:3 na 16:9, na 35:45 si rahisi kuipata humo. Zaidi ya hayo hazikuonyeshi namba za pikseli, na namba ndizo tunazozifuata hapa.

Mwisho, kalamu na karatasi ya kuandikia namba nne.

Picha tutakayofanyia kazi

Tuchukue dada aliyevaa mtandio mweusi, amesimama kivulini barazani, mbele ya ukuta mweupe. Picha ni ya simu, upana pikseli 3000, urefu 4000. Tumechagua mtandio kwa makusudi, kwa sababu nusu ya maswali ya hapa Mombasa yanatoka hapo: utosi umefunikwa, sasa utaupima vipi? Mwenye nywele nyingi au rasta zilizofungwa juu ana shida hiyo hiyo, na jawabu ni moja.

Hatua

1. Fungua picha kwenye GIMP. Ikikuuliza kama iigeuze kwa kufuata alama ya simu, bonyeza `Rotate`. Ukiacha, picha inaweza kulala ubavu na namba zako zote zikawa za mhimili mwingine. Papo hapo hifadhi nakala kwa jina jipya na usiiguse tena ile asili.

2. Nyoosha kichwa. Chukua zana ya kupimia (`Measure`, funguo Shift+M), vuta mstari kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya mboni ya pili, kisha utazame pembe inayoandikwa chini ya dirisha. Ikiwa ni nyuzi moja au chini yake, endelea. Ikizidi, bonyeza `Straighten` kwenye chaguo za zana hiyo. Lazima hatua hii itangulie vipimo, kwa maana picha ikishazungushwa, kila namba uliyoandika kabla yake ni bure. Pembe za picha zitabaki na vipande vitupu baada ya kuzungusha. Visikushughulishe, vitaangukia nje ya fremu.

3. Andika namba za uso. Peleka kishale mahali husika, usome namba mbili zilizo chini kushoto mwa dirisha. Ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto, ya pili ni umbali kutoka ukingo wa juu. Kwenye picha yetu tumepata hivi: mboni ya kushoto kwetu iko 1310, ya kulia 1770, kwa hiyo mstari wa katikati ya uso uko 1540. Usawa wa macho, kutoka juu, ni 1470. Ncha ya kidevu ni 2320. Kuza picha vizuri unapopima kidevu, kwani kivuli chake shingoni hudanganya, na ukipima kivuli badala ya kidevu kichwa chote kitatoka kidogo.

4. Tafuta utosi. Utosi unaohesabiwa katika picha hii ni wa fuvu, haujumuishi nywele wala kitambaa. Kwa mtu mzima, macho yapo takriban katikati ya kidevu na utosi. Basi pima kutoka kidevu hadi macho, kisha rudia kipimo hicho hicho kwenda juu. Kwetu ni 2320 toa 1470, sawa na 850. Macho yakiwa kwenye 1470, utosi uko 1470 toa 850, yaani 620. Kichwa kizima kina pikseli 1700. Ncha ya mtandio iko 560, pikseli 60 juu ya utosi. Iandike pia, tutaihitaji. (Kwa mtoto mchanga kanuni hii haishiki: macho yake yako chini ya nusu ya kichwa, kwa hiyo utosi halisi uko juu zaidi ya hesabu. Mtoto pimia fuvu unavyoliona, kwa kuwa nywele zake ni chache.)

5. Geuza pikseli kuwa milimita. Tunataka kichwa kiwe mm 34, katikati kabisa ya 32 na 36, ili kosa dogo la kupima lisitutoe nje ya mpaka. Gawanya pikseli za kichwa kwa 34. Kwetu 1700 kwa 34 ni 50, basi kila milimita moja ya picha itakayotoka ni pikseli 50. Sasa fremu inajitokeza yenyewe:

upana: 35 × 50 = 1750
urefu: 45 × 50 = 2250

6. Weka fremu mahali pake. Kichwa kimechukua mm 34 kati ya 45, zimebaki 11. Zigawe 4 juu ya utosi na 7 chini ya kidevu, ili shingo na mwanzo wa mabega vionekane. Milimita 4 ni pikseli 200, kwa hiyo ukingo wa juu wa fremu ni 620 toa 200, sawa na 420. Ukingo wa kushoto ni mstari wa katikati toa nusu ya upana: 1540 toa 875, sawa na 665. Hakikisha fremu haitoki nje ya picha: 665 jumlisha 1750 ni 2415, chini ya 3000, 420 jumlisha 2250 ni 2670, chini ya 4000. Imekaa. Tazama na mtandio: ncha yake iko 560 na fremu inaanza 420, kwa hiyo bado kuna pikseli 140 za ukuta juu yake, karibu mm 3. Haujakatwa.

7. Kata. Chukua `Crop` (Shift+C), chora kisanduku chochote juu ya picha, kisha kwenye chaguo za zana andika namba zako: `Position` 665 na 420, `Size` 1750 na 2250. Bonyeza Enter. Kuvuta kwa mkono kunakubalika ukishaweka tiki kwenye `Fixed`, ukachagua `Aspect ratio` na kuandika 35:45, lakini kwa namba huna haja ya kubahatisha.

8. Punguza ukubwa. Nenda `Image`, halafu `Scale Image`. Kwenye `Width` andika 413, uhame kisanduku, na `Height` itajijaza 531. Hivyo ndivyo vipimo vya mm 35 na 45 kwa pikseli 300 za kila inchi. Kwenye `X resolution` na `Y resolution` andika 300. Kitu cha kuangalia hapa ni kile kimnyororo kidogo kati ya upana na urefu. Kiwe kimefungwa. Urefu ukijijaza namba mbali na 531, usifungue mnyororo ukaandika 531 kwa nguvu, maana hapo ndipo uso unapovutwa. Namba hiyo inakuambia ulikosea kukata, basi rudi hatua ya 7.

9. Toa faili. `File`, kisha `Export As`, jina liishie na `.jpg`, `Quality` iwe 90. Ukibonyeza `Save` tu utapata faili ya GIMP ambayo tovuti ya maombi haitaipokea.

Ukishazipata namba zako na una ImageMagick kwenye kompyuta, hatua za 7 hadi 9 ni amri moja (tumia picha uliyokwisha kuinyoosha):

```
magick dada.jpg -auto-orient -crop 1750x2250+665+420 +repage -resize 413x531 -density 300 -units PixelsPerInch -quality 90 dada-35x45.jpg
```

Usiongeze alama ya mshangao baada ya 413x531. Bila alama hiyo, picha hupungua kwa uwiano wake. Ikiwekwa, programu huibana picha ikae kwenye vipimo hivyo hata kama itaharibika.

Makosa yanayorudi

Kuvuta picha ndani ya Word ndilo la kwanza, na ndilo linaloharibu nyingi. Picha huingizwa kwenye ukurasa, kisha mhudumu anaandika urefu sm 4.5 na upana sm 3.5. Word inakataa kwa kuwa `Lock aspect ratio` imewekwa tiki, naye anaitoa tiki. Picha ya simu ni 3:4, upana wake ni 0.75 ya urefu. Ya 35:45 ni 0.778. Uso unaongezeka upana kwa karibu asilimia 4, kidogo kiasi kwamba mwenyewe haoni, anahisi tu kwamba "si mimi huyu". Picha hiyo hiyo ikilazimishwa kuwa mraba, uso unatanuka kwa theluthi nzima, na hapo kila mtu anaona. Isitoshe, kuvuta hakukati chochote, kwa hiyo kichwa kinabaki kidogo katikati ya ukuta mkubwa.

La pili ni kuanzia juu. Mtu anaweka ukingo wa fremu palepale juu ya nywele au mtandio kisha anashusha hadi apate 35:45. Picha inaonekana imejaa vizuri kwenye kioo, lakini printa au mkasi ukila nusu milimita, kichwa kimekatwa. Zile mm 4 juu ya utosi ziache zilivyo. Hazitoshi tu kwa nywele zilizosimama juu sana: hapo shusha kichwa, ukiacha 6 juu na 5 chini, alimradi nywele zote zimo ndani.

La tatu ni kupaka ukuta pasipokuwa na ukuta. Picha imepigwa karibu mno, utosi uko pikseli 90 tu kutoka juu, na hesabu inataka 200. Mtu anaongeza turubai na kumwaga rangi nyeupe. Kwenye ukingo wa mtandio au nywele hubaki utepe wa rangi tofauti, na wanaopokea picha huutafuta huo. Maombi ya viza ya Marekani yanakataza waziwazi picha iliyobadilishwa kwa kompyuta. Nafasi ikikosekana, piga tena. Ni kazi ya dakika mbili mbele ya ukuta ule ule.

Ukitakiwa mraba badala ya 35:45

Viza ya Marekani inataka picha ya mraba, pikseli 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, JPEG isiyozidi KB 240, bila miwani. Kichwa kiwe asilimia 50 hadi 69 ya urefu, na macho yawe asilimia 56 hadi 69 kutoka ukingo wa chini. Hapo kichwa hupimwa pamoja na nywele, kwa hiyo tumia ncha ya juu ya kichwa kama inavyoonekana.

Kwa dada yetu: kutoka 560 hadi 2320 ni pikseli 1760. Tukitaka kichwa kiwe asilimia 65, gawanya 1760 kwa 0.65, upate mraba wa 2708. Kushoto ni 1540 toa 1354, yaani 186. Macho tuyaweke asilimia 62 kutoka chini, ambayo ni asilimia 38 kutoka juu, pikseli 1029. Ukingo wa juu basi ni 1470 toa 1029, sawa na 441. Hata ukihesabu kutoka utosi uliofunikwa, kichwa ni asilimia 63, bado kimo ndani ya mpaka. Punguza hadi 1000 kwa 1000, na faili ikizidi KB 240 shusha `Quality` hadi 80.

Angalia jinsi mraba ulivyokula upana: 2708 kati ya 3000. Ndiyo sababu ya kuacha ukuta mpana pembeni wakati wa kupiga. Mtu aliyesimama upande mmoja wa picha hatapata mraba.

Mambo yakienda kombo

Uso unaonekana mpana au mrefu, na huna hakika. Usitegemee macho. Chukua picha asili na iliyokatwa, pima kwenye zote umbali wa mboni kwa mboni na wa macho hadi kidevu, ugawe cha kwanza kwa cha pili. Kwenye asili yetu ni 460 kwa 850, sawa na 0.54. Iliyokatwa ikitoa 0.54, haijavutwa. Ikitoa 0.56 imetanuliwa, anza upya kutoka ile asili. Usijaribu kuirudisha kwa kuivuta upande wa pili.

Kwenye kioo iko sawa, kwenye karatasi kichwa kimezidi. Printa imeikuza. Chagua kuchapa kwa asilimia 100, zima `Fit to page`, na uepuke uchapaji usio na pambizo, kwani wenyewe hukuza picha kidogo ili wino ufike ukingoni. Karatasi ya sm 10 kwa 15 hubeba picha nane za 35 kwa 45: nne kwa safu, safu mbili. Kabla ya kuzikata, pima moja kwa rula ya shule, upana kwanza, kisha kidevu hadi utosi. Upana ukiwa 36 au 37, zote ni za kutupa.

Picha imetoka na ukungu. Tazama ukubwa wa ulichokikata kabla ya hatua ya 8. Kama fremu yako ilikuwa chini ya 413 kwa 531, `Scale Image` imeikuza badala ya kuipunguza, na pikseli za kubuni haziongezi macho wala kope. Chanzo karibu kila mara ni picha iliyopita WhatsApp, au picha ya skrini. Tafuta asili kwenye simu iliyopiga.

Mabega yameinama japo macho yamenyooka. Aliyepigwa aliinamisha shingo, na ulipozungusha ulinyoosha macho ukainamisha mwili. Kwa nyuzi mbili au tatu haionekani. Kwa nyuzi saba inaonekana hata mstari wa ukuta ukiwa mweupe mtupu, na dawa yake ni kurudi barazani, asimame wima, kidevu sambamba na sakafu.

Tovuti inakataa faili yenye vipimo sahihi. Fungua faili uliyoitoa, uende `Image`, kisha `Image Properties`, usome `Size in pixels`. Ikisema 531 kwa 413, picha imelala: ile alama ya simu iliachwa katika hatua ya 1, na kilichokatwa ni kichwa kilicholala. Ikisema 413 kwa 531, tazama mwisho wa jina, huenda ni `.png` au `.jpeg.xcf`. Itoe tena kwa `Export As`, kama hatua ya 9.